Kapu la Pasaka: mwongozo kamili wa kuandaa ofa ya sikukuu kwenye duka lenye wateja wa kanisani, kuanzia Majivu mpaka Jumatatu ya Pasaka

Wenye maduka ya vyakula mtaani wengi tunaanza kufikiria Pasaka Jumanne ya wiki yenyewe, tunachapa bango la "punguzo asilimia 10", tunaweka spika nje, halafu Jumatatu ya Pasaka ukipiga hesabu hela imezunguka sana lakini faida huioni. Na wateja wenyewe, hasa wale wa kanisani, wengine wameshaumia kimoyomoyo kwa sababu Ijumaa Kuu wametoka kwenye ibada wanakuta muziki unapigwa mlangoni kwako. Sasa hapa naelezea njia moja tu, kapu la Pasaka linalolipwa kidogo kidogo kipindi chote cha Kwaresima, maana ndiyo inayoendana na familia hizi zinavyoishi, mshahara ni wa mwezi, ada ipo, michango ya kanisa ipo, na sikukuu inakuja kwa mkupuo.

Tuchukulie duka lako lipo mtaa wa ndani kule Kimara, Dar, jirani kuna parokia ya Wakatoliki, kuna usharika wa KKKT na kuna kanisa la walokole. Lengo letu ni familia 30. Usiwaze familia 200 mwaka wa kwanza, 30 zinatosha kujifunza na ukikosea kitu unaweza kurekebisha bila kugombana na mtaa mzima.

Anza na kalenda, kila mwaka

Pasaka inahama, kwa hiyo ulichofanya mwaka jana tarehe zake hazifai mwaka huu. Mwaka 2027 Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari, Jumapili ya Matawi (walutheri wengi wanaita Jumapili ya Mitende) ni 21 Machi, Ijumaa Kuu 26 Machi, Pasaka yenyewe 28 Machi na Jumatatu ya Pasaka 29 Machi. Kati ya Majivu na Pasaka kuna Jumapili sita, yaani 14, 21 na 28 Februari, halafu 7, 14 na 21 Machi. Hizo Jumapili sita ndizo siku zako za kukusanya malipo, kwa sababu watu wanapita dukani wakitoka kanisani na wengi wao wanakuwa na hela ndogo ndogo mkononi.

Kuna jambo la pili la kuangalia, Ramadhani. Mwaka 2027 inategemewa kuanza karibu tarehe 8 Februari na Idi iwe karibu tarehe 10 Machi, kutegemea mwandamo wa mwezi. Maana yake Kwaresima na Mfungo wa Ramadhani vinakwenda pamoja, na sukari, mchele, ngano na mafuta vinatafutwa na watu wote kwa wakati mmoja. Ukisubiri mpaka wiki ya mwisho ya Machi kununua stoki unajiweka kwenye hatari ya bei, nitaeleza chini namna ya kuikwepa. Na usisahau kwamba una majirani Waislamu wanaonunua kwako kila siku, kwa hiyo mabango ya Pasaka yasifunike duka zima mpaka wao wajione wageni, upande mmoja wa kaunta unatosha.

Kapu liwe na nini

Weka vitu ambavyo familia ya watu watano sita itapika kweli siku hiyo, pilau na chapati, chai ya asubuhi, basi. Kapu langu la mfano ni mchele kilo 5, mafuta ya kula lita 2, sukari kilo 2, unga wa ngano pakiti ya kilo 2, vitunguu kilo 2 na pakiti moja ya viungo vya pilau. Nyama usiweke. Kwanza wengi hatuna friji ya maana, pili nyama ya sikukuu watu wanapenda kuichagua wenyewe buchani, na tatu Wakatoliki Ijumaa Kuu wanafunga na hawali nyama, hivyo nyama inanunuliwa Jumamosi au Jumapili asubuhi wakati wewe kapu umeshalitoa siku mbili nyuma. Soda pia iache nje ya kapu, ni nzito kusafirisha, chupa zinadaiwa, mtu akitaka kreti atanunua mwenyewe dukani.

Pombe isiwepo kabisa, hata kama duka lako linauza bia. Walokole, Wasabato na familia nyingi tu za kikatoliki na kilutheri hawataki kuona jina la bia kwenye karatasi yenye neno Pasaka. Na tukitaja Wasabato, kumbuka ibada yao ni Jumamosi na wengi hawaiadhimishi Pasaka kama sikukuu ya kanisa, kwa hiyo usiwalazimishe na kapu wala usiwapigie simu siku ya Sabato kuwakumbusha lolote, ila wakitaka kulipia bidhaa kidogo kidogo kama wengine wanakaribishwa, waandikie kwenye kadi "kapu la familia" na mambo yanaisha.

Bei: hapa ndipo watu wanapopotea

Bei ninazotumia ni za mfano ili hesabu ieleweke, wewe weka za sokoni kwako.

Mchele tuseme unaununua 2,500 kwa kilo na kuuza 3,000, kwa hiyo kilo 5 zinakugharimu 12,500 na zinauzwa 15,000. Mafuta lita 2 umenunua 11,800 unauza 13,000. Sukari kilo 2 umenunua 5,500 unauza 6,000. Ngano 3,500 kwa 4,000. Vitunguu kilo 2 umenunua 3,000 unauza 4,000. Viungo vya pilau umenunua 600 unauza 1,000. Jumla kapu limekugharimu 36,900 na kwa bei ya kawaida ya rafu ni 43,000. Faida yako ya kawaida hapo ni 6,100.

Sasa toa asilimia 10 kama watu wanavyofanya. Punguzo ni 4,300, mteja analipa 38,700. Toa mfuko wa kubebea 500 (mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, lazima ununue ile mbadala) unabaki na 1,300. Yaani inabidi uuze makapu karibu matano ya ofa ndipo upate faida ya mteja mmoja aliyenunua bila ofa, na bado hujamlipa bodaboda. Asilimia 10 inaonekana ndogo kwa sababu inahesabiwa kwenye bei yote, wakati wewe chako kwenye bei hiyo ni kama asilimia 14 tu.

Badala yake toa zawadi ya kitu chenye faida kubwa. Viungo vya pilau viwe bure. Mteja anaona ameokoa 1,000, wewe kimekutoka cha 600. Kapu linakuwa 42,000. Ukitoa 36,900 na mfuko 500 unabaki na 4,600. Halafu ongeza kitu ambacho familia inakithamini kuliko punguzo, kufikishiwa mlangoni bure. Boda mmoja akibeba makapu matano ya mtaa mmoja kwa 4,000, kila kapu limekula 800. Unabaki na 3,800 kwa kapu, na mteja amepata viungo, usafiri na nafasi ya kulipa kwa wiki sita. Hiyo ni ofa ya maana na hujajikata mguu.

Na bahati nzuri 42,000 ukigawa kwa Jumapili sita inatoka 7,000 kamili. Hiyo namba ndiyo utakayoitangaza, elfu saba kila Jumapili, mtu anaielewa hapo hapo bila kalkuleta.

Kadi na daftari

Hela ya mtu aliyoiweka kwako siyo faida yako mpaka kapu litoke, hilo ulishike hata kama ni duka la familia na unazifahamu nyumba zote. Nunua daftari moja la kaunta kwa kazi hii tu. Kila mteja ukurasa wake, jina analotumia mtaani, namba ya simu, jumuiya au mtaa, na mistari sita ya tarehe. Yeye unampa kadi ngumu yenye tarehe hizo hizo sita. Akilipa unaandika pande zote mbili mbele yake, unasaini kwenye kadi yake na yeye anasaini kwenye daftari lako. Akilipa kwa simu, Lipa Namba au M-Pesa, andika zile herufi na tarakimu za mwanzo wa meseji ya muamala pembeni ya tarehe, maana ugomvi mwingi unatokea pale mtoto ametumwa alipe, au baba amelipa kwa simu na mama naye akaleta taslimu.

Nyuma ya kadi andika masharti kwa Kiswahili cha kawaida, manne tu. Bei ya kapu haitabadilika. Ukikosa wiki unaweza kulipa mbili kwa pamoja wiki inayofuata. Malipo ya mwisho Jumapili ya Matawi jioni. Ukishindwa kumaliza, utachukua bidhaa za thamani ya ulichoweka, kwa bei ya kawaida ya duka. Hilo la mwisho ni muhimu sana, kuna familia zitapata msiba au ugonjwa katikati, na mtu akishaogopa kwamba hela yake itapotea hajiandikishi kabisa. Usimkate chochote. Akiwa ameweka 21,000 achukue bidhaa za 21,000, hukosi kitu kwa sababu umeuza kwa bei kamili.

Namna ya kupita kanisani kwa heshima

Usiende kwa paroko au mchungaji kuomba akutangazie madhabahuni. Wengi watakataa na wana haki, na hata akikubali baadhi ya waumini watakwazika kusikia bei ya mchele baada ya mahubiri. Pia usitoe ahadi ya "kamisheni" kwa kiongozi yeyote wa kanisa kwa kila mteja atakayeleta, ikija kujulikana unamharibia yeye jina na wewe duka. Kama unataka kuchangia kanisa, changia kwa njia ya kawaida na usiiandike kwenye bango.

Njia nzuri ni jumuiya. Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki zinakutana kila wiki, mjini nyingi ni Jumamosi asubuhi na mapema, na KKKT nao wana jumuiya zao za mitaa. Mtafute mwenyekiti au katibu siku ya kawaida, siyo dakika tano kabla ya sala, na uongee kama jirani:

"Shikamoo mzee. Samahani nimekuja na jambo dogo. Dukani tumeandaa kapu la Pasaka, mtu analipa elfu saba kila Jumapili, anafikishiwa mzigo mlangoni Alhamisi Kuu. Naomba kama itakupendeza, wakati wa matangazo ya mwisho uwaambie wanajumuiya, au uniruhusu niache kadi chache kwako. Kama utaratibu hauruhusu wala hakuna shida."

Akisema hapana, shukuru uondoke. Akisema ndiyo, mwachie kadi kumi na mfano mmoja uliojazwa ili aone inavyofanya kazi. Grupu la wasap la jumuiya usiingie kutangaza bila ruhusa hata kama wewe mwenyewe ni mwanajumuiya, na ukiruhusiwa tuma mara moja tu mwanzoni na mara moja wiki ya Matawi. Watu wanatuma humo taarifa za misiba na wagonjwa, tangazo la mafuta likiwa linajitokeza kila siku linaudhi.

Mtu akitaka kulipia kapu kwa ajili ya mjane au mgonjwa wa jumuiya yake, na kipindi cha Kwaresima wapo wanaotaka, liandike kwenye ukurasa wa aliyelipa, na umkabidhi mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya ampelekee. Msipige picha mpokeaji, msiweke stetasi. Hata ukiwa na nia njema kabisa, yule mama atakutana na hao watu kanisani Jumapili.

Maneno na picha

Hapa napenda nikae kidogo kwa sababu ndipo heshima inapoonekana au inapokosekana.

Kipindi chote cha Kwaresima mpaka Jumamosi mchana watu bado wako kwenye mfungo na toba. Kwa Wakatoliki hata neno "Aleluya" haliimbwi kanisani kuanzia Majivu mpaka Mkesha wa Pasaka. Kwa hiyo bango la mwezi Februari likisema "Aleluya! Ofa imefufuka!" mkatoliki anayejali ataona hujui au hujali. Na hata mlokole hatafurahia neno la ufufuko kutumika kwa punguzo la bei. Kabla ya Pasaka sema "maandalizi ya Pasaka", "Kwaresima njema", inatosha. Salamu ya "Kristo amefufuka" iweke Jumapili asubuhi, na siku hiyo usiweke bei yoyote kwenye meseji, iwe salamu tupu.

Picha ya Yesu msalabani usiweke pembeni ya mafuta na sukari. Msalaba wenyewe pia mimi nauacha. Wale sungura na mayai ya rangi wanaokuja kwenye dizaini za kudownlodi kwenye simu ni mila za Ulaya na Marekani, wateja wetu wengi hawana uhusiano nazo na wapo wanaoziona kama upagani, hivyo waache. Piga picha ya kapu lenyewe limepangwa juu ya kanga safi, mchana, karibu na mlango penye mwanga, vitu vyote sita vionekane. Rangi ukitaka kuendana na kanisa ni zambarau kipindi cha Kwaresima na nyeupe au dhahabu kuanzia Pasaka, fundi wa mabango ukimwambia hivyo anaelewa haraka.

Meseji ya mwanzo iwe fupi ienee kwenye meseji moja ya simu ya kawaida, kwa mfano: "Habari jirani. Kapu la Pasaka: mchele 5kg, mafuta 2L, sukari 2kg, ngano 2kg, vitunguu 2kg, viungo bure. Lipa 7,000 kila Jumapili x6. Karibu dukani upate kadi." Kwa salamu ya kufungulia, mkatoliki amezoea "Tumsifu Yesu Kristo" na mlokole au mlutheri "Bwana Yesu asifiwe", ila kama unatuma kwa watu mchanganyiko tumia tu "habari jirani" usije ukaonekana unajifanya wa dhehebu ambalo siyo lako.

Ya kukumbusha malipo mtumie mtu binafsi, kamwe usitaje deni lake kwenye grupu wala mbele ya wateja wengine. "Habari ya jioni mama, Jumapili hii ni awamu ya nne ya kapu, umeshaweka 21,000, karibu." Unamtajia alichoweka badala ya anachodaiwa, anajisikia vizuri na anajua kumbukumbu yako iko sawa.

Kununua stoki kwa mpangilio wa hela inavyoingia

Familia 30 mara 7,000 ni 210,000 kila Jumapili kama wote wamelipa. Hela hiyo usiichanganye na ya droo, iweke laini yake ya simu au akaunti yake, halafu inunue bidhaa za kapu tu kwa mpangilio huu.

Baada ya Jumapili mbili una 420,000. Nunua mchele wote, kilo 150 kwa 375,000, unabaki na 45,000. Mchele unakwenda mwanzo kwa sababu ndio kitu kikubwa zaidi kwenye kapu na bei yake inapanda na kushuka, na ukiuhifadhi juu ya mbao, mbali na ukuta, pakavu, unakaa mpaka Pasaka bila tatizo. Fungua gunia kabla ya kulipa, ingiza mkono mpaka katikati, angalia kama umechanganywa na chenga au una unyevu, kwa sababu pilau ya Pasaka ikitoka bokoboko jina litakalotajwa mezani ni la duka lako.

Baada ya Jumapili ya nne zimeingia 420,000 nyingine, una 465,000. Nunua mafuta, lita 60 kwa 354,000, yawe ya chupa au galoni zilizofungwa kiwandani na siyo ya kupima, unabaki na 111,000. Jumapili ya tano inakufikisha 321,000, nunua sukari kwa 165,000 na ngano kwa 105,000, unabaki na 51,000. Jumapili ya Matawi unakuwa na 261,000, hapo nunua vitunguu 90,000, viungo 18,000 na mifuko 15,000, na boda 24,000. Inabaki 114,000, ambayo ndiyo ile 3,800 mara makapu 30. Vitunguu viwe vya mwisho kabisa, Jumatatu au Jumanne ya wiki hiyo, ukivinunua mapema vinachipua na vingine vinaoza vikiambukiza wenzake.

114,000 siyo hela ya kujengea nyumba na sitaki mtu adanganyike. Faida nyingine ni kwamba mzigo wa zaidi ya milioni moja umeununua bila kugusa mtaji wako, na familia 30 zimeingia dukani kila Jumapili kwa wiki sita, na anayekuja kulipa 7,000 mara nyingi anaondoka na sabuni, mkate au maziwa.

Ila hesabu hiyo inadhani wote wanalipa kwa wakati na bei haipandi. Mchele ukipanda kutoka 2,500 hadi 2,700, kapu moja linakula 1,000 zaidi na faida inashuka kutoka 3,800 mpaka 2,800. Ikifika 3,260 hivi faida ya kapu imeisha yote. Na bei umeshaifunga kwenye kadi, huwezi kuibadilisha bila kuvunja neno. Kwa hiyo kabla ya kuchapa kadi, mwanzoni mwa Februari, nenda kwa mfanyabiashara wa jumla unayemwamini, mwombe akuwekee bei ya gunia kwa wiki mbili tatu, au kama una mtaji kidogo nunua mchele kabisa kabla ya Majivu na hela za wateja zije kuurudisha mtaji huo. Kwa mwaka kama 2027 ambao Ramadhani imeangukia humo humo, mimi ningefanya hilo la pili.

Ishara ya hatari utaiona mapema kwenye daftari. Jumapili ya tatu ikipita na ukurasa una malipo ya wiki moja tu, mpigie huyo mteja taratibu umuulize kama anaendelea au anataka kuchukua bidhaa za thamani ya alichoweka. Usinunue vitu vyake vya awamu zinazofuata mpaka ajibu. Wakiwa watu wanane kati ya 30 wako hivyo, panga stoki ya makapu 22 na usiwe na matumaini kwamba "watamalizia mwishoni".

Wiki yenyewe, siku kwa siku

Jumanne na Jumatano jioni ni kufungasha. Pima mchele na sukari kwa mizani iliyokaguliwa na yenye stika ya Wakala wa Vipimo, mmoja anapima, mwingine anafunga, wa tatu anaweka tiki kwenye orodha. Mizani iwekwe sawa kwenye sifuri kila baada ya mifuko kumi, kwa sababu kilo 5 zikiwa 4.8 mama wa nyumbani anajua akishika tu. Bandika jina na mtaa kwenye kila kapu, na uyapange kwa mtaa siyo kwa alfabeti, boda akija anabeba moja kwa moja.

Alhamisi Kuu yapelekwe yote kuanzia saa moja asubuhi, yaishe kabla ya saa tisa mchana. Jioni Wakatoliki wana Misa ya Karamu ya Bwana na makanisa mengine mengi yana ibada ya meza ya Bwana, watu wanajiandaa, hawataki kugongewa mlango. Kila boda aondoke na namba za simu na amwambie mpokeaji afungue na ahesabu vitu sita mbele yake kabla ya kusaini kadi.

Ijumaa Kuu fungua asubuhi mpaka saa sita. Muziki hakuna, spika hakuna, mabango ya ofa yatoe au uyafunike. Watu watahitaji maharage, dagaa, mkate, maji ya kunywa kwa wanaotembea Njia ya Msalaba, viwepo. Ibada ya mateso kwa Wakatoliki ni kama saa tisa alasiri, ukifunga saa sita na wafanyakazi wako wanapata nafasi ya kwenda kusali.

Jumamosi ndiyo siku yako kubwa ya mauzo ya kawaida, nje ya makapu. Nazi, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, hamira, royco, soda, mkaa au gesi, chumvi, vitu vile vinavyosahaulika. Hakikisha una chenji, noti za 1,000 na sarafu, zitafute Jumatano kwa sababu Jumamosi hakuna wa kukubadilishia. Msukumo unaanza saa nne na unakata kama saa kumi na moja jioni, baadaye watu wanajiandaa kwenda kwenye Mkesha, ambako ndiko watu wazima wengi wanabatizwa, na familia zenye mbatizwa zina wageni kesho yake, hao huwa wanarudi kuongeza mchele.

Jumapili ya Pasaka fungua saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi kwa ajili ya mkate, maziwa na chai, funga, halafu kama lazima fungua tena saa nane kwa soda na barafu. Meseji ya salamu itoke asubuhi: "Kristo amefufuka! Tunakutakia wewe na familia Pasaka njema yenye amani." Jina la duka chini, mwisho.

Jumatatu ni sikukuu bado, makanisa mengi yana ibada na ubatizo wa watoto, fungua nusu siku.

Jumanne kaa na daftari. Ambao hawakumaliza malipo wapigie waje kuchukua bidhaa zao, wape mpaka mwisho wa Aprili. Waliolalamika kuhusu vitunguu vibovu au mafuta yaliyovuja wabadilishie siku hiyo hiyo bila mjadala. Halafu kwenye ukurasa wa mwisho andika bei ulizonunulia kila kitu na tarehe, familia zilizomaliza ni ngapi, zilizoishia njiani ni wiki ya ngapi, na bidhaa gani watu waliuliza kwenye kapu haikuwepo. Mwaka 2028 Pasaka ni tarehe 16 Aprili na Majivu ni tarehe 1 Machi, kwa hiyo daftari hilo utalifungua tena katikati ya Februari.